Jinsi ya kupanga bei za kukodisha ukumbi: saa za moto, saa za poa, bei ya mwanachama na sheria za bukingi

Maswali ni yaleyale kila wiki. Nichaji bei gani? Mwanachama nimpunguzie kiasi gani? Mteja kaghairi, nimrudishie pesa au nikae nayo? Nimejibu mara nyingi kwa meseji za sauti mpaka nimechoka, kwaiyo naandika hapa mara moja, ukiulizwa na mwenzako mtumie.

Naongelea ukumbi mmoja wa saizi ya kati, wa klabu au chama chenye wanachama wanaolipa ada, ambao pia unakodishwa kwa watu wa nje. Kama una kumbi tano na wafanyakazi thelathini hesabu zako zitakuwa na mambo mengine. Namba zote nilizoweka hazina jina la pesa makusudi, ni za mfano tu, wewe weka zako za kweli. Usizinakili, nakili njia.

Kabla hujaanza, kuwa na hivi

Daftari la bukingi la miezi mitatu iliyopita, na sio zile zilizofanyika tu, hata zile ulizokataa kwa sababu ukumbi ulikuwa umechukuliwa. Hizo za kukataa ndio dhahabu, na karibu watu wote hawaziandiki. Kama hujawahi kuandika anza leo, mtu akipiga simu andika siku aliyotaka, saa, na kama umempa au umemkosesha.

Bili na malipo ya kila mwezi: umeme, maji, mlinzi, usafi, bima, kodi ya jengo au mkopo, matengenezo. Ukiwa na za mwaka mzima vizuri zaidi maana kuna miezi bili hupanda.

Orodha ya wanachama yenye tarehe ya kujiunga na ada waliyolipa.

Idadi ya watu wanaoruhusiwa kuwa ndani ya ukumbi kwa usalama wa moto. Hii haipangwi na wewe wala na mteja, iko kwenye kibali cha jengo, na itaenda kwenye karatasi ya bei.

Na kalenda MOJA. Sio daftari la mlinzi na simu ya katibu na kichwa cha mwenyekiti. Moja.

Hatua ya 1: Jua saa moja inakugharimu nini

Gharama ziko za aina mbili. Kuna zile zinazokuja hata ukumbi ukikaa na giza mwezi mzima, mlinzi, bima, kodi, akiba ya kupaka rangi na kukarabati. Alafu kuna zile zinazokuja mteja akiingia, umeme na maji kwa kila saa, na usafi pamoja na mtu wa kufungua na kufunga kwa kila bukingi.

Tuseme zile za kudumu ni 12,000 kwa mwezi. Umeme na maji ni 15 kwa saa. Kufungua, kufunga na kusafisha ni 60 kwa kila bukingi, iwe ya saa moja au ya saa kumi. Ukumbi unafunguliwa saa 2 asubuhi mpaka saa 4 usiku, yaani saa 14 kwa siku, saa 420 kwa mwezi wa siku 30.

Hapa ndipo wengi wanaangukia. Wanachukua 12,000 wanagawa kwa 420 wanapata kama 29, wanaongeza umeme kidogo na usafi wanasema aah saa moja inanigharimu chini ya 60, nikichaji 80 nina faida. Ukumbi gani unauza saa zote 420? Gawa kwa saa ulizouza kweli. Kama daftari linasema unauza saa 120 kwa mwezi, basi 12,000 gawa kwa 120 ni 100. Bukingi ya wastani ikiwa ya saa 4, ule usafi wa 60 unakuwa 15 kwa saa, jumlisha na 15 ya umeme na maji unapata 30. Kwaiyo saa moja inakugharimu 130 na sio 60.

Shika namba mbili tu: 130 ni gharama kamili, 30 ni gharama ya mteja kuwepo. Bei ya wastani lazima ivuke ya kwanza, na hakuna bei hata moja inayoruhusiwa kushuka chini ya ya pili.

Hatua ya 2: Tafuta saa za moto kwenye daftari, sio kichwani

Saa za moto ni zile ambazo ukumbi mmoja unagombaniwa na watu zaidi ya mmoja. Saa za poa ni zile ambazo mteja akipatikana unashukuru.

Chora jedwali, siku saba pembeni, saa juu, alafu kwa kila bukingi ya miezi mitatu weka alama kwenye kila saa iliyochukuliwa. Kwa kila ombi ulilokataa weka msalaba. Penye misalaba ndio pana moto. Utashangaa, kuna saa unazodhani zinagombaniwa kumbe ni mteja mmoja tu anayekuja kila wiki, na asipokuja hakuna wa kumrithi. Hiyo sio saa ya moto, hiyo ni saa ya huyo mteja, ukimpandishia bei anaondoka na unabaki na viti.

Kwenye mfano wetu misalaba imeangukia Ijumaa kuanzia saa 11 jioni hadi saa 4 usiku, na Jumamosi na Jumapili saa 4 asubuhi hadi saa 4 usiku. Zilizobaki zote ni poa. Makundi mawili yanatosha. Nimeona karatasi yenye bei ya asubuhi, mchana, jioni, usiku, wikiendi, sikukuu na "msimu", mwenye ukumbi mwenyewe alikuwa anapiga simu kumuuliza mkewe bei ya Alhamisi.

Kama una wiki fulani za mwaka ambazo simu haziishi, usitunge kundi la tatu, sema tu kwamba tarehe hizo zote zinahesabiwa saa za moto na uziorodheshe kwa tarehe.

Hatua ya 3: Weka bei mbili

Kati ya zile saa 120 unazouza, tuseme 60 ni za moto na 60 ni za poa. Unatafuta bei mbili ambazo kwa pamoja, ukitoa ile 30 ya kila saa, zinaleta 12,000 na chenji kidogo.

Jaribu 200 kwa saa ya moto na 90 kwa saa ya poa. Moto: 200 toa 30 ni 170, mara 60 ni 10,200. Poa: 90 toa 30 ni 60, mara 60 ni 3,600. Jumla 13,800. Imevuka 12,000 kwa 1,800, na hiyo 1,800 ndio mfuko utakaolipia punguzo la wanachama, usiipangie kazi nyingine kwanza.

Mtu atauliza, mbona 90 iko chini ya gharama kamili ya 130? Ndio, na ni sawa kabisa. Jumanne saa 4 asubuhi ukumbi ungekaa mtupu na mlinzi ungemlipa vilevile. Mteja wa 90 anaacha 60 ambayo isingekuwepo. Kosa ni kumpa mteja wa Jumamosi hiyohiyo 90 kwa sababu "anafahamiana na mweka hazina".

Ila angalia bukingi fupi. Mtu akichukua saa moja ya poa kwa 90, wewe umetoa 15 ya umeme na 60 ya usafi, umebaki na 15. Akiwa mwanachama wa kulipa 70, bei tutakayoifikia Hatua ya 4, umeingia hasara ya 5, yaani umemlipa yeye aje. Dawa yake ni kiwango cha chini cha saa 2 kwenye saa za poa: mwanachama analipa 140, gharama ni 90, unabaki na 50. Kundi la mazoezi linalokuja kila wiki na linafagia lenyewe unaweza kulilegezea, maana ile 60 ya usafi inapungua, lakini iwe kwa maandishi kwamba wanafagia.

Hatua ya 4: Bei ya mwanachama (hapa tulia)

Sehemu hii inaua klabu nyingi kimyakimya.

Mazoea ni kusema mwanachama anapata asilimia 30. Inasikika vizuri kwenye mkutano, watu wanapiga makofi. Sasa piga hesabu. Ada ya mwaka ni 300. Mtu wa nje anataka Jumamosi saa 12 za moto, 12 mara 200 ni 2,400. Asilimia 30 yake ni 720. Anajiunga Alhamisi kwa 300, anakodi Jumamosi, anaokoa 420, na mwaka ujao humwoni. Umeuza uanachama ambao ni kuponi. Yule mwanachama aliyekaa miaka sita anaanza kuuliza kwanini Jumamosi hazipatikani.

Kipimo ninachotumia ni hiki: punguzo kubwa kabisa ambalo mtu anaweza kulipata kwa shughuli moja lisizidi ada ya mwaka mmoja. Likizidi, shusha punguzo au pandisha ada.

Alafu, asilimia zina tabia mbaya. Zinatoa punguzo kubwa zaidi palepale ambapo huna haja ya kupunguza, kwenye saa za moto zinazogombaniwa. Mimi napenda kutoa kiasi kilekile kwa kila saa. Kwenye mfano wetu mwanachama anapunguziwa 20 kwa saa, popote. Moto analipa 180, poa analipa 70. Ukitazama utaona kwenye poa amepata zaidi ya asilimia 20, kwenye moto asilimia 10 tu, na ndivyo unavyotaka, unamsukuma taratibu kuelekea Jumanne bila kumhubiria. Akichukua siku nzima ya Jumamosi, saa 14, punguzo lake lote ni 280. Ada ni 300. Haijazidi, kipimo kimekubali.

Angalia kama mfuko unatosha. Wanachama wakichukua saa 15 za moto na 30 za poa kwa mwezi, hizo ni saa 45 mara 20, ni 900. Tulikuwa na 1,800, tumebaki na 900. Sawa.

Sheria tatu za kuandika, na usiziache:

Bei ya mwanachama inaanza siku 90 baada ya kulipa ada, sio siku ileile.

Ni kwa shughuli yake mwenyewe au ya familia anayoishi nayo. Akibuku kwa ajili ya kampuni anayofanyia kazi, au kwa jirani aliyemwomba "niandikie kwa jina lako", ni bei ya nje. Utajuaje? Malipo. Pesa itoke kwa mwanachama na yeye mwenyewe asaini na awepo siku hiyo mlangoni. Ukiona risiti inaombwa kwa jina lingine, umeshapata jibu.

Ada iwe imelipwa siku ya kubuku NA siku ya shughuli. Nilikuwa na mmoja aliyebuku akiwa hai kwenye orodha, ada ikaisha katikati, akasema "lakini nilibuku nikiwa mwanachama". Karatasi yetu haikusema kitu, nikakubali huku nimeuma meno.

Hatua ya 5: Sema saa inahesabiwaje

Bei hata iwe nzuri vipi, ugomvi utakuja kwenye saa.

Kwanza kabisa, saa ya Kiswahili na saa ya kalenda ya simu. Hili lilinitokea. Mteja kaniambia kwa simu "saa mbili mpaka saa sita", nikamwelewa asubuhi, nikaingiza 08:00. Yeye alimaanisha usiku, na mtu mwingine nilishampa jioni hiyo. Walikutana getini, mmoja na keki mwingine na projekta. Tangu siku hiyo kila uthibitisho naandika hivi, pamoja na neno asubuhi, mchana au usiku na saa inavyosomeka kwenye simu pembeni:

```
Jumamosi, saa 8 mchana (14:00) hadi saa 3 usiku (21:00)
```

Ya pili, mteja analipia kuanzia mtu wake wa kwanza anapoingia mpaka kitu chake cha mwisho kinapotoka. Sio kuanzia sherehe. Mpambaji akiingia saa 4 asubuhi kwa shughuli ya saa 8 mchana ukumbi haupo tena sokoni, kwaiyo bei ni ileile. Huruma yako iweke hapa: kama siku tatu kabla, jioni ya kuamkia shughuli bado iko wazi, mpambaji anaweza kuingia jioni hiyo kwa bei ya poa. Wateja wanaipenda sana hii na wewe hupotezi kitu.

Ya tatu, bukingi inayovuka makundi mawili inahesabiwa saa kwa saa, sio kwa saa ya kuanzia. Ukisema "bei ni ya saa unayoanza" ndani ya mwezi mmoja Jumamosi zote zitaanza saa 3 na nusu asubuhi.

Ya nne, kiwango cha chini cha saa za moto. Mtu akichukua Jumamosi saa 8 mchana hadi saa 10 jioni amekulipa saa mbili na kaua siku nzima, maana kabla yake na baada yake havitoshi sherehe ya mtu. Weka saa 4 kwa Jumamosi na Jumapili. Zikibaki siku 10 na bado pako wazi, acha saa 2 ziruhusiwe.

Ya tano, kati ya mteja na mteja acha saa moja ya usafi ambayo haiuzwi kwa yeyote.

Ya sita, kuzidisha muda. Kila nusu saa iliyoanza inalipiwa mara moja na nusu ya bei ya moto ya mtu wa nje. Nusu saa ya kawaida ni 100, kwaiyo hii ni 150, iwe moto au poa, mwanachama au sio. Kama kuna mteja anayefuata, hakuna kuzidisha kabisa, taa zinawashwa muziki unazimwa. Kabla hatujaandika hii nakumbuka nimesimama mlangoni saa 5 usiku na mama wa usafi, yeye na ufagio wake mimi na funguo, tunaangalia watu wanafungua vitambaa polepole kama wana wiki nzima, na sikuwa na sentensi hata moja ya kuwaonyesha. Mimi binafsi huwa naachia dakika 10 hivi, lakini usiziandike. Ukiziandika zinakuwa haki.

Hatua ya 6: Pesa inaingia lini, inarudi lini

Tenganisha vitu viwili ambavyo watu wanavichanganya wanaviita vyote "dipoziti". Kishika nafasi ni sehemu ya kodi, kinahesabiwa kwenye bei. Dhamana ya uharibifu sio kodi, ni pesa ya mteja uliyoishika tu, na uiweke mbali na pesa za matumizi, ukiitumia kulipia umeme siku ya kurudisha utajificha.

Kishika nafasi asilimia 30. Bila hicho jina linakaa kwenye kalenda saa 48 tu alafu linafutika lenyewe bila kupigiana simu. Kilichobaki pamoja na dhamana vinaingia siku 14 kabla. Visipoingia, tarehe inarudi sokoni.

Kughairi weka ngazi tatu, zaidi ya hapo hakuna anayesoma. Siku 30 au zaidi kabla: anarudishiwa vyote ukitoa asilimia 10 ya kodi. Kuanzia siku 29 hadi 14: anapoteza kishika nafasi. Chini ya siku 14: anapoteza kodi yote, dhamana anarudishiwa, na kama ukumbi ukapata mteja mwingine kwa muda uleule anarudishiwa kodi ukitoa asilimia 10. Hiyo sentensi ya mwisho imenizimia magomvi mengi, mtu anaona humli pesa mara mbili. Kabla hujachapisha hakikisha sheria za kwenu za kulinda wateja zinaruhusu, na useme wazi kama bei imejumuisha kodi ya serikali.

Na wewe ukighairi je? Bomba likipasuka unarudisha kila kitu. Iandike, inajenga imani.

Dhamana: tembeeni ukumbini pamoja kabla na baada, hesabuni viti, piga picha za kuta, choo, jiko na spika. Iliyobaki irudi ndani ya siku 5 za kazi.

Hatua ya 7: Jaribu kwa bukingi za zamani

Usichapishe bado. Chukua mwezi mmoja uliopita, kila bukingi, uipigie bei mpya.

Mfano mmoja mzima. Mwanachama, Jumamosi, mpambaji anaingia saa 2 asubuhi (08:00), kitu cha mwisho kinatoka saa 3 usiku (21:00).

Saa 2 hadi saa 4 asubuhi ni saa 2 za poa, mara 70, ni 140. Saa 4 asubuhi hadi saa 3 usiku ni saa 11 za moto, mara 180, ni 1,980. Jumla 2,120. Mtu wa nje angelipa 2,380. Kishika nafasi ni 636. Siku 14 kabla analeta 1,484 iliyobaki na dhamana 400, jumla 1,884. Usiku huo wametoka saa 3 na dakika 40, hizo ni nusu saa mbili zilizoanza, 300, zinakatwa kwenye dhamana, anarudishiwa 100.

Ukimaliza mwezi mzima linganisha. Kwenye mfano wetu, kama zamani kila saa ilikuwa 130 kwa kila mtu, saa 120 zilileta 15,600, na gharama zilikuwa hizohizo 15,600, sifuri. Kwa bei mpya zinaingia 16,500, unabaki na 900. Lakini hiyo ni kama hakuna aliyeondoka! Kila saa ya moto unayopoteza inaondoka na 170. Ukipoteza saa 6 kwa mwezi, zile 900 zimekwisha na zaidi, na kuzifidia unahitaji saa 17 za poa mpya. Kwaiyo kama misalaba yako ni michache, anza na 180 badala ya 200, na ukifanya hivo rudi Hatua ya 3 uhesabu upya mfuko wa wanachama.

Hatua ya 8: Andika ukurasa mmoja

Kwenye karatasi usiandike "moto" na "poa", hayo ni maneno yetu ya ndani. Andika siku na saa.

| | Mtu wa nje, kwa saa | Mwanachama, kwa saa | Saa za chini |
|---|---|---|---|
| Ijumaa kuanzia saa 11 jioni (17:00) | 200 | 180 | 2 |
| Jumamosi na Jumapili, saa 4 asubuhi hadi saa 4 usiku (10:00–22:00) | 200 | 180 | 4 |
| Muda mwingine wote | 90 | 70 | 2 |

Chini yake weka sheria za hatua ya 5 na 6 kwa sentensi fupi, idadi ya juu ya watu, saa ya kuzima muziki, na vya ziada visivyozidi vinne au vitano (jiko, spika na maiki, projekta, jenereta). Viti na meza weka ndani ya bei, kuhesabu kiti kwa kiti kunakera mteja na kunakula muda wako.

Juu kabisa: "Bei hizi zinaanza tarehe fulani. Aliyelipa kishika nafasi kabla ya hapo analipa bei ya zamani." Kila uthibitisho utume na karatasi hiyo, mteja ajibu "nimesoma nimekubali" kwenye Watsapu, au asaini.

Ukikwama

*Saa za poa bado tupu baada ya miezi mitatu.* Usikimbilie kushusha bei. Kwanza uliza kama watu wa asubuhi wanapata funguo kirahisi, kama kuna mwanga na feni. Mara nyingi tatizo ni lazima umpigie mtu anayelala mpaka saa 4. Ukishusha, usishuke chini ya ile 30 kwa saa, na bukingi ya saa 2 za chini isilete pungufu ya gharama yake ya 90.

*Wote wanajazana ukingoni, Ijumaa wanatoka saa 11 kamili jioni.* Maana yake mpaka umeuchora mahali pabaya. Kama misalaba mipya imehamia saa 9 na saa 10 jioni, sogeza mpaka huko kwenye toleo lijalo, sio katikati ya mwezi.

*Kundi la kila wiki linazuia Jumamosi inayotakiwa na mteja wa siku nzima.* Wape bei yao lakini kwa sharti: unaweza kuwahamisha mara 4 kwa mwaka, kwa taarifa ya siku 21, na wiki hiyo wanapata saa za poa bure. Bila sharti hilo, saa zao 2 zitakuwa zinakufukuzia mteja wa saa 12.

*Mjumbe wa kamati anaomba "bei ya kwetu".* Tengeneza mstari wake hadharani, mfano kamati inaweza kutoa siku 3 za bure kwa mwaka, zikipigiwa kura na kuandikwa kwenye daftari kwa bei kamili kama msaada. Siku ya nne analipa bei ya mwanachama kama mwingine yeyote.

*Mteja anabisha hakuvunja kiti.* Picha za kabla ziko wapi? Kama huna, mrudishie dhamana yote na usibishane, hilo ni kosa lako. Kesho yake nunua stika za namba, bandika chini ya kila kiti.